Katlesi za samaki na viazi zisizomeguka kikaangoni

"Mama, mbona katlesi zangu zinafunguka kwenye mafuta?" Hapa Goma hilo ndilo swali la jikoni ninaloulizwa kuliko yote. La pili huja nyuma yake: "Na zisipofunguka, mbona zinatoka nyeupe na zimelowa mafuta?" Nimeona afadhali nijibu yote mawili hapa, kwa urefu unaostahili, maana chanzo chake ni kimoja: maji. Maji yaliyobaki ndani ya viazi, ndani ya samaki na ndani ya kitunguu ndiyo yanayolegeza katlesi, na ndiyo hayo hayo yanayozuia ganda lisishike rangi.

Kabla hujawasha makala, shika jambo hili. Katlesi inapoingia kikaangoni, samaki ameshaiva na viazi vimeshaiva. Kibichi ndani yake ni kiini cha yai tu. Mafuta hayapiki katlesi: yanaiundia ganda la nje na kuipasha moto hadi katikati. Ukilielewa hilo hutakuwa na haraka ya kugeuzageuza, na utaona kwa nini kazi kubwa iko kabla ya kikaango.

Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi vinatoa katlesi 10, zinazotosha watu watano wakipata na kachumbari au mboga pembeni.

- Samaki wazima wenye uzito wa kilo 1 kwa jumla. Tilapia ndiye ninayempenda kwa kazi hii. Ukishamwondoa kichwa, ngozi na miiba, utabaki na mnofu wa gramu 300 hadi 350.
- Viazi mviringo gramu 500, vikipimwa na maganda.
- Kitunguu kimoja kidogo, punje mbili za kitunguu saumu, seleri kidogo, na pilipili kwa anayependa.
- Mayai mawili: kiini kimoja kitaingia ndani, vingine vyote vitapakwa nje.
- Chumvi, kijiko kimoja cha chai kisichojaa.
- Unga wa ngano vijiko vinne vya supu.
- Makombo ya mkate mkavu, kikombe kimoja na nusu. Chukua mkate wa juzi, ukaushe juani au pembeni mwa mbabula, kisha uuponde.
- Mafuta ya kupikia yasiyo na rangi, kama robo lita au zaidi kidogo.
- Kikaango kizito chenye kitako bapa, mwiko bapa, uma na kitambaa safi cha kukamulia.

Tomson naye anafaa, na ndiye anayepatikana kirahisi samaki wa ziwa akiadimika. Mnofu wake ni mweusi zaidi na una mafuta, kwa hiyo katlesi zake huwa laini kidogo. Ila mwangalie sana. Samaki wa aina hii akikaa kwenye joto hutengeneza sumu isiyokufa hata umkaange vipi. Anayeila uso humwiva, mwili humwasha na kichwa humgonga. Mnunue akiwa bado mgumu kwa barafu, na akishayeyuka mpike siku hiyo hiyo. Akiwasha ulimi, mtupe.

Sambaza mwache. Ni samaki mtamu wa kukaangwa mzima, na kumponda ni kumwonea.

Mawese pia yaweke kando leo. Hayana ubaya wowote, lakini wekundu wake unapaka katlesi rangi kabla ganda halijakauka, nawe utadhani imeiva nje kumbe bado ni laini. Anayejifunza anahitaji mafuta yanayomwonyesha ukweli.

Hatua kwa hatua

1. Chagua viazi vyenye unga. Viazi viko vya aina mbili: vinavyopasuka na kuwa vya ungaunga vikiiva, na vinavyobaki vigumu na vya kuteleza. Hivi vya pili weka kwenye mchuzi. Sokoni mwambie mama muuzaji unataka vya kuponda, atakuonyesha. Kama unavyo tayari nyumbani, chemsha kimoja na ukibonyeze kwa uma. Kikifunguka chenyewe na kuonyesha unga, ndicho. Kikikatika vipande vyenye kingo safi, sicho. Epuka pia viazi vipya vya ngozi nyembamba inayotoka kwa kusugua kidole, kwa sababu vina maji mengi.

2. Vichemshe na maganda yake, vikiwa vizima. Ukivimenya na kuvikata vidogo ndipo uvichemshe, kila upande uliokatwa unakunywa maji. Anza na maji baridi yenye chumvi kidogo, funika, na uchemshe taratibu. Sisi wa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mapishi yaliyoandikwa kwa miji ya pwani husema dakika 20. Hapa kwetu viazi vya ukubwa wa kati vinataka dakika 30 hadi 35. Wengi hufuata zile 20, wanaponda viazi ambavyo kati ni vigumu, halafu vipande hivyo vigumu vinakuwa ndiyo mahali katlesi inapopasukia. Choma kisu hadi katikati: kiingie na kutoka bila kubanwa.

3. Vikaushe. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami ningekuomba usiiruke hata ukiwa na wageni mlangoni. Mwaga maji yote, menya viazi vikiwa vya moto (vishike kwa kitambaa), virudishe kwenye sufuria kavu na uiweke juu ya moto mdogo. Tikisa sufuria kila baada ya muda. Mwanzoni utasikia mlio wa maji yanayokauka chini, na mvuke utapanda mwingi. Baada ya dakika mbili au tatu mlio unapungua, kingo za viazi zinakuwa za ungaunga, na utando mweupe unaanza kushika chini ya sufuria. Hapo toa.

Ponda papo hapo kwa uma au mchi, hadi pasibaki donge. Usitie maziwa, siagi wala maji. Usitumie mashine ya kusagia hata kama umeme upo: inakatakata viazi hadi wanga wake unatoka na kunata, na wanga uliofikia hapo haurudi tena kuwa unga. Tandaza viazi ulivyoponda kwenye sinia vipoe, usivirundike. Vikirundikwa, mvuke unageuka maji ndani yao.

4. Pika samaki kwa maji kidogo. Wakati viazi vinapoa, weka tilapia aliyesafishwa kwenye sufuria yenye maji ya kina cha kidole kimoja, chumvi kidogo, funika, moto mdogo. Samaki wa nusu kilo anachukua dakika 10 hadi 12. Ameiva pale mnofu unapoachia mfupa wa mgongo ukiusukuma kwa uma, na rangi yake imekuwa nyeupe kote bila sehemu ya kioo. Mtoe, mwache achuruzike na apoe. Maji yaliyobaki ni mazuri kwa mchuzi wa kesho, lakini tone lake lisiingie kwenye katlesi.

5. Toa miiba kwa vidole. Uma hauoni miiba. Tilapia ana mbavu upande wa tumbo, na ana mstari wa miiba midogo unaoanzia nyuma ya kichwa na kupita katikati ya mnofu. Fungua mnofu kwa kufuata mistari yake, toa miiba hiyo, kisha tandaza mnofu kwenye sahani na upitishe vidole ukibonyeza polepole. Mwiba utausikia. Kama kuna watoto mezani rudia mara ya pili. Kwa tomson ondoa pia ule mstari wa magamba magumu ubavuni.

Sasa weka mnofu kwenye kitambaa na ukamue. Usikamue kwa nguvu zako zote ukaufanya makapi. Acha kukamua maji yakigeuka matone. Kisha uponde kwa uma hadi pasiwe na kipande kikubwa kuliko punje ya hindi. Kipande kikubwa hakishikani na viazi, na ufa huanzia pembeni yake.

6. Kaanga kitunguu kwanza. Kitunguu kibichi kikikutana na chumvi kinatoa maji, na kinayatoa polepole ukiwa umeshamaliza kufinyanga. Kikate kidogo sana, kikaange na kitunguu saumu kwa kijiko kimoja cha mafuta hadi kilainike na kukauka, kisha kipoe. Seleri ikatwe baada ya kuoshwa na kufutwa. Nyanya haiingii humu kabisa. Iweke kwenye kachumbari.

7. Changanya, na umwogope yai. Viazi vikiwa vimepoa hadi unaweza kuvishika bila shida, tia samaki, kitunguu, seleri, chumvi, pilipili na kiini kimoja. Changanya kwa mkono kwa upole hadi rangi iwe moja, basi. Kukanda sana kunarudisha ule mnato tuliouepuka.

Dada mmoja wa Ndosho aliniita nikamwone akipika. "Yaya," akasema, "nimeshatia yai la tatu na bado zinafunguka!" Ndivyo wengi wanavyofanya, wakiamini kwamba yai linashikamanisha. Linashikamanisha likishaiva. Kabla ya hapo ni maji mengine tu umeyaongeza, na mchanganyiko unakuwa umelegea kabla ganda halijapata nafasi ya kuushika. Viazi vyake alikuwa amevimenya, akavikata vinne vinne na kuvichemsha, na kitunguu chake kilikuwa kibichi. Ukibonyeza mchanganyiko pembeni ya beseni, maji yalikuwa yanakusanyika chini. Hatukuutupa. Tuliutandaza kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo sana tukiugeuza kwa mwiko, mvuke ukatoka, mayai yakaanza kushika. Kisha tukaongeza makombo ya mkate kijiko kimoja kimoja, tukisubiri dakika kumi ili yavimbe kabla ya kuamua kuongeza tena. Vijiko vitatu vilitosha. Kusubiri huko ni muhimu, kwa sababu makombo hayanywi maji papo hapo. Ukiyaongeza kwa haraka unaishia na katlesi kavu zenye ladha ya mkate.

Mchanganyiko uliofaa unajulikana kwa mkono: ukifinya tonge linashika umbo lake, halichuruziki, na kiganja kinabaki na alama kidogo tu.

8. Kaanga moja ya majaribio. Kabla ya kufinyanga zote, chukua kijiko kimoja cha mchanganyiko, kibonyeze bapa, kipake unga na ukikaange. Kikishika, endelea. Kikimeguka, bado una beseni zima la kurekebisha. Hapo ndipo pia unapoonja chumvi, maana mchanganyiko wenye kiini kibichi si wa kuonja.

9. Finyanga na upumzishe. Gawa madonge kumi, kila moja gramu 80 hivi. Lowesha viganja kidogo, viringisha donge, kisha libonyeze liwe bapa, unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 7. Angalia ukingo. Ukibonyeza, ukingo hupasuka nyufa ndogo. Zifunge zote kwa kidole gumba ukizungusha. Ufa unaouona hapa utakuwa mlango wa mafuta kule. Nyembamba kuliko sentimita 2 inavunjika wakati wa kugeuza. Nene kuliko hapo nje huungua kabla kati haijapata moto.

Zipange kwenye sinia lenye unga kidogo na uzipumzishe nusu saa hadi saa moja mahali pa baridi. Frigo ni bora. Kama umeme umekatika, weka sinia juu ya beseni la maji baridi, funika kwa kitambaa, uweke kwenye kivuli chenye upepo, na usipitishe nusu saa. Viazi vikipoa wanga wake unakaza, na katlesi inakuwa ngumu ya kubebeka.

10. Vika makombo. Changanya yai zima na ule ute uliobaki. Katlesi ipite kwenye unga kwanza, uipigepige unga wa ziada udondoke. Kisha kwenye yai, iachwe ichuruzike. Kisha kwenye makombo, uyabonyeze kwa kiganja pande zote na ukingoni. Mpangilio huo usiubadilishe: bila unga, yai halishiki, na ganda lote litavuka kama soksi. Makombo yakikosekana, unga wa ngano peke yake unafaa, ila upake dakika ya mwisho kabisa, kwa sababu ukikaa unageuka uji.

11. Moto na mafuta. Makala yawe yameshawaka yote na yamevaa majivu meupe. Moto wa makala yanayoanza kuwaka unapanda na kushuka, na katlesi zinateseka. Mimina mafuta kina cha nusu sentimita. Angusha kombo moja la mkate: likianza kutoa mapovu mara moja na kuwa kahawia ndani ya dakika moja hivi, mafuta yako tayari. Likizama kimya, subiri. Likiwa jeusi ndani ya sekunde chache, ondoa kikaango motoni kidogo. Mafuta yanayotoa moshi yamepita kiasi.

12. Kaanga nne kwa wakati mmoja. Kwa kikaango cha sentimita 26, nne zinatosha. Kila katlesi inayoingia inapoza mafuta, na mafuta yaliyopoa yanaingia ndani badala ya kukausha nje. Iteremshe kwa mwiko, ukiielekeza mbali nawe.

Sasa acha. Usisukume, usibonyeze, usiinue kuchungulia. Mapovu unayoyaona pembeni ni maji yanayotoka kwenye ganda, na rangi ya kahawia haiji hadi maji hayo yaishe. Mwanzoni mapovu ni makubwa na yana kelele; baada ya dakika tatu au nne yanakuwa madogo na mlio unashuka. Utaona ukingo wa chini umekuwa kahawia, ukipanda kidogo ubavuni. Tikisa kikaango polepole: katlesi ikiteleza yenyewe, imejiachia na iko tayari. Ikikataa, mpe nusu dakika nyingine. Katlesi iliyoshikwa na kikaango ikilazimishwa huacha ganda lake chini.

Ingiza mwiko wote chini yake, uishike juu kwa uma uliolala, ndipo uigeuze. Upande wa pili unachukua dakika tatu. Zitoe, zisimame kwenye chujio au wavu, zisilale kwenye sahani, maana mvuke wa chini unalainisha ganda ulilolihangaikia. Kabla ya mkupuo unaofuata opoa makombo yaliyobaki kwenye mafuta, ongeza mafuta kidogo, na usubiri yapate moto upya.

Mambo yakiharibika

*Inamegeka ikigusa mafuta tu.* Mchanganyiko una maji au mafuta hayajapata moto. Angusha kombo kwanza. Kama mafuta ni mazuri, rudi kwenye beseni: makombo kijiko kimoja, dakika kumi, jaribio jingine.

*Inavunjika wakati wa kugeuza.* Umeigeuza mapema, au mwiko wako ni mwembamba. Kama zote zinavunjika katikati, ni nyembamba mno.

*Ganda linavuka peke yake.* Katlesi ilikuwa na unyevunyevu ulipoipaka unga, au unga wa ziada haukudondoshwa. Zilizotoka frigo zifute kwa kitambaa kikavu kabla ya unga.

*Inanata kwenye kikaango.* Hii ni ya vikaango vya alumini hasa. Kipashe moto kikiwa kikavu kwanza, ndipo utie mafuta. Na kama kuna mabaki yaliyoungua kutoka mkupuo uliopita, yakwangue.

*Nje nyeusi, kati baridi.* Moto mkali. Ondoa makala machache, na zile ulizozitoa zipange kwenye sufuria kavu yenye kifuniko kilichoachwa wazi kidogo, juu ya moto mdogo, kwa dakika tano. Kwa kuwa kuna kiini cha yai ndani, kati lazima pawe pa moto kabisa kabla ya kula.

*Imelowa mafuta.* Mafuta yalikuwa baridi au ulijaza kikaango. Hii ya leo haiponi. Punguza idadi kwenye mkupuo ujao.

*Ndani inanata na kuvutika.* Viazi vimesagwa au vimekandwa sana. Vinalika, lakini haviwezi kurekebishwa.

Zilizobaki, kama huna frigo, zisilale hadi kesho. Zimalizwe siku hiyo. Zikiwa zimekaa kwenye frigo, zipashe kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta, moto mdogo, kifuniko kikiwa pembeni, dakika nne kila upande. Na ukitaka kujipunguzia kazi ya asubuhi, zifinyange jioni na uziweke kwenye frigo zikiwa zimefunikwa, lakini unga, yai na makombo yasubiri hadi makala yawe yamewaka.